Kuandika hotuba ya kukabidhi jengo la madarasa kutokana na picha zake

Mara nyingi anayeandika hotuba ya makabidhiano hajawahi kukanyaga eneo la ujenzi. Anatumiwa picha kwenye simu, anaambiwa sherehe ni keshokutwa, na msomaji wa hotuba atakuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Akizitazama picha anaona ukuta, rangi na mabati yanayong'aa, basi anaandika "jengo zuri la kisasa lenye mandhari ya kuvutia." Siku ya sherehe maneno hayo yanasomwa mbele ya watu walioketi wakilitazama jengo lenyewe. Rangi wanaiona. Uzuri wanauona. Hawajaambiwa lolote.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kubaliana na jambo hili: picha ni za kwako wewe mwandishi, zikujulishe kilichopo. Msikilizaji anachohitaji ni kuelezwa kila kitu kinafanya kazi gani, na kuonyeshwa, kwa maneno, yale yaliyofichwa na plasta na sakafu. Nitaeleza namna ya kufika hapo kwa mfano mmoja: picha 14 za jengo jipya la madarasa matatu na ofisi moja ya walimu.

Hatua ya kwanza: zipange picha kwenye karatasi

Chora mstatili mmoja kwenye karatasi. Huo ndio jengo likitazamwa kutoka juu. Zipe picha namba, kisha kwa kila picha chora mshale mdogo unaoonyesha mpigaji alisimama wapi na alielekea wapi. Picha za ndani nazo uzipange chumba kwa chumba. Kazi hii inachukua nusu saa na ndiyo inayookoa hotuba nzima, kwa sababu utaona mara moja upande ambao haukupigwa picha kabisa.

Omba picha zitumwe zikiwa faili halisi. Picha inayotumwa kwa kawaida kupitia WhatsApp hupunguzwa ukubwa na hupoteza taarifa za tarehe iliyopigwa. Ikitumwa kama waraka, hubaki na taarifa zake. Tarehe ni muhimu kuliko unavyodhani. Kati ya zile picha 14, mbili zilipigwa kabla ya kazi kumalizika: fremu za madirisha zilikuwa tupu, bila vioo. Mwandishi asiyetenganisha picha za zamani na za mwisho anaweza kulalamikia upungufu ambao ulishaondolewa.

Kuna mtego mwingine hapa. Shule nyingi hupaka jengo jipya rangi zilezile za majengo ya zamani, na anayetuma picha kwa haraka anaweza kuchanganya. Katika mfano wetu, picha namba 9 ilionyesha kibaraza safi na nguzo zilizopakwa rangi vizuri, lakini ukikuza sehemu ya paa, migongo ya mabati ilikuwa ya mawimbi ya mviringo. Picha nyingine zote zilionyesha mabati yenye migongo ya pembe. Ile ilikuwa picha ya jengo la zamani lililopakwa rangi upya. Tukaiondoa, zikabaki 13. Angalia paa, umbo la nguzo na aina ya grili za madirisha. Hivyo vitatu havibadiliki kwa brashi ya rangi.

Hatua ya pili: hesabu mara mbili, kutoka nje na kutoka ndani

Chukua vitu vinavyohesabika: milango, madirisha, nguzo, taa, mbao za kuandikia. Hesabu kwa picha za nje, kisha uhesabu tena kwa picha za ndani. Namba mbili zikikutana, iandike. Zisipokutana, usichague ile inayopendeza, tafuta sababu.

Tuone madirisha. Picha ya mbele ilionyesha madirisha 7: mawili kwa kila darasa na moja la ofisi. Picha ya nyuma ilionyesha 9. Jumla 16. Lakini picha za ndani zilionyesha kila darasa lina madirisha matano, mawili upande wa kibaraza na matatu upande wa nyuma, yaani 15 kwa madarasa matatu; na ofisi ina mawili. Jumla 17. Dirisha moja limepotelea wapi? Kwenye picha ya nyuma, tangi la maji lilikuwa limesimama mbele ya dirisha la ofisi na kulifunika lote. Picha ya ndani ya ofisi ilimaliza ubishi.

Samani nazo zina udanganyifu wake. Picha ya darasa ilionyesha safu nne za madawati, na safu zilizo mbele zilikuwa na madawati matano kila moja. Ishirini? Huwezi kujua, kwa sababu mpigaji alisimama mlangoni na kona ya nyuma haikuonekana. Idadi ya madawati ichukuliwe kwenye hati ya kupokelea iliyosainiwa na shule. Kama hati haipo, hotuba iseme "madawati" na isitaje namba, maana mzazi mmoja atakayehesabu akakuta pungufu atakuwa na maswali ambayo msomaji wa hotuba hana majibu yake.

Hatua ya tatu: vipimo

Kipimo cha uhakika hutoka kwenye mchoro wa ujenzi au kwenye futi kamba. Picha inakusaidia kuhakiki tu, na njia nyepesi kuliko zote ni matofali. Jengo letu lilikuwa na ukuta wa pembeni ulioachwa bila plasta. Fundi alipoulizwa kwa simu alisema tofali lina urefu wa sentimita 40, na kati ya tofali na tofali kuna udongo wa saruji wa sentimita moja. Kwa hiyo kila tofali linachukua sentimita 41. Mstari mmoja wa ukuta huo ulikuwa na matofali 17. Zidisha: sentimita 697, yaani karibu mita 7.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mita 7 ni upana wa jengo kwa nje. Kuta mbili zenye unene wa sentimita 20 kila moja zinakula sentimita 40, na darasa lenyewe linabaki na upana wa mita 6 na sentimita 60. Mchoro ulipokuja ulisema hivyohivyo, na ukaongeza kwamba urefu wa kila darasa ni mita 8. Hotuba ikisema "darasa la mita 7 kwa 8" itakuwa imeongeza nafasi ambayo hakuna mtoto atakayeikalia.

Usijaribu kukadiria urefu kwa kulinganisha na mtu aliyesimama pichani. Lenzi za simu hutanua vitu vilivyo karibu na ukingo wa picha, na mtu aliyesogea hatua mbili mbele huonekana mrefu kuliko mlango.

Kipimo kimoja ambacho namsihi kila mwandishi akikague ni njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, kwa sababu hotuba hupenda sana kuitaja. Kanuni inayotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Katika picha namba 4, kibaraza kilikuwa na ngazi tatu. Mchoro ulionyesha kila ngazi ina kimo cha sentimita 15, hivyo sakafu iko sentimita 45 juu ya ardhi. Zidisha kwa 12: sentimita 540. Njia hiyo ilipaswa kuwa na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Pichani ilianzia kwenye nguzo ya kwanza na kuishia kabla ya kufika nguzo ya pili, na mchoro unasema nguzo zimeachana mita 3. Kwa hiyo mteremko haukufika hata mita 3, na mtoto aliye peke yake kwenye kiti cha magurudumu asingeweza kuupanda.

Ukigundua jambo kama hilo, mpigie simu mwenyekiti wa kamati siku hiyohiyo. Usilifiche ndani ya sentensi laini, na usiliache lisikike kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti.

Hatua ya nne: uliza yale ambayo picha za mwisho haziwezi kuonyesha

Picha za jengo lililokamilika haziujui msingi. Haziijui nondo iliyo ndani ya lenta, wala karatasi ya nailoni iliyotandazwa chini ya sakafu kuzuia unyevu, wala kama udongo ulipigwa dawa ya mchwa. Fedha nyingi na jasho jingi vimo humo, na ndiyo mambo ambayo wasikilizaji wako hawatayaona kamwe.

Mwombe msimamizi wa ujenzi picha za wakati kazi inaendelea. Unatafuta hasa tatu: mtaro wa msingi kabla haujamwagwa zege, nondo za lenta kabla hazijafunikwa, na makenchi kabla ya mabati. Ukizipata, unayo haki ya kulizungumzia jambo hilo kwa uhakika. Usipozipata, muulize msimamizi na uandike kile ambacho yuko tayari kukisema kwa jina lake. Mimi nisingeandika "msingi imara" kwa kutazama ukuta ulionyooka. Ukuta hunyooka siku ya makabidhiano hata pale ambapo msingi utashuka mvua ya pili.

Hatua ya tano: soma kasoro

Pitia picha zote tena, safari hii ukikuza kila moja. Tazama kona za madirisha: ufa mwembamba unaokwenda mshazari kutoka kwenye kona ni wa kuripotiwa, wakati mistari midogomidogo iliyotapakaa kama utando juu ya plasta mara nyingi ni ya plasta iliyokauka haraka. Tazama sakafu kwenye mlango, mahali zege hupasuka mapema. Tazama mabomba ya kushusha maji ya mvua yanaishia wapi.

Katika picha namba 7, mfereji wa bati ulizunguka ukingo wa paa vizuri, na tangi lilikuwa palepale nyuma ya ofisi. Lakini bomba lilishuka hadi usawa wa dirisha likaishia hewani. Halikuunganishwa na tangi. Laiti tusingekuza picha, hotuba ingesema shule sasa inavuna maji ya mvua.

Kasoro hazizuii makabidhiano. Mikataba mingi ya ujenzi huwa na kipindi baada ya kukabidhi, aghalabu miezi 6 hadi 12, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza. Uliza kipindi hicho ni cha muda gani kwenye mkataba wenu, kisha kiingize kwenye hotuba, maana walimu na wazazi ndio watakaoona ufa wa kwanza na hawajui kwamba wana haki ya kuudai.

Hatua ya sita: andika kwa kufuata macho ya aliyeketi

Usifuate mpangilio wa mchoro wala wa picha. Fuata macho ya mtu aliye kwenye kiti chake: jengo zima, madirisha, paa, kisha yaliyofichika, na mwisho yaliyobaki. Kila unapotaja kitu, kazi yake iwe kwenye sentensi hiyohiyo au inayofuata. Namba ziwe chache. Sikio halirudi nyuma kusoma tena. Kwa jengo hili tulichagua namba za vyumba, za kipimo cha darasa, za madirisha, za tangi, na za miezi ya uangalizi. Idadi ya mifuko ya saruji tuliiacha kwenye taarifa.

Shukrani ziandikwe kutoka kwenye orodha iliyothibitishwa na kamati, na zikae mwishoni kwa ufupi. Picha haikuambii nani alichangia mchanga.

Hiki ndicho kiini cha hotuba iliyotoka kwenye picha zile:

"Ndugu mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi.

Jengo hili lina madarasa matatu na ofisi moja ya walimu. Ukipima ndani, ukuta hadi ukuta, kila darasa lina upana wa mita 6 na sentimita 60, na urefu wa mita 8.

Naomba mtazame madirisha. Kila darasa lina matano: mawili mnayoyaona hapa kibarazani, na matatu upande wa nyuma. Yamewekwa yakitazamana, ili upepo unaoingia huku utokee kule. Mtoto akikaa kuelekea ubaoni, yale matatu makubwa yako kushoto kwake. Anayeandika kwa mkono wa kulia hatajitilia kivuli kwenye daftari lake.

Sasa inueni macho kwenye paa. Limetokeza nje ya ukuta hadi kufunika kibaraza chote. Jua la mchana haliingii moja kwa moja darasani kwa upande huu, na mvua haipigi ukuta. Mfereji unaozunguka paa umeelekezwa nyuma, lilipo tangi la lita 5,000.

Zipo kazi ambazo hamwezi kuziona tena. Juu ya madirisha, ndani ya plasta, kuna mkanda wa zege na nondo unaolizunguka jengo lote na kuzifunga kuta zake pamoja. Chini ya sakafu kuna karatasi ya nailoni inayozuia unyevu usipande. Zote mbili zilipigwa picha kabla ya kufunikwa, na nakala za picha hizo tunamkabidhi Mwalimu Mkuu leo pamoja na funguo.

Ndugu mgeni rasmi, kazi mbili bado. Bomba la maji ya mvua halijaunganishwa na tangi, na njia ya mteremko ni fupi kuliko inavyotakiwa. Itarefushwa ili mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu aipande mwenyewe. Mkandarasi amekubali kuzikamilisha, na tarehe imeandikwa kwenye hati tunayosaini leo. Kwa miezi 12 kuanzia leo, mkiona ufa, bati linalovuja au mlango usiofunga, mwambieni Mwalimu Mkuu. Ataandika, na mkandarasi atarudi."

Angalia aya ya tangi. Haisemi shule inapata maji. Inasema mfereji umeelekezwa lilipo tangi, na aya ya mwisho inamalizia ukweli. Lita 5,000 zilisomwa ubavuni mwa tangi kwa kukuza picha, kisha fundi akathibitisha. Na lile neno "makubwa" kuhusu madirisha ya nyuma lilihakikiwa kwenye mchoro, kwa sababu picha ya ndani ilipigwa karibu na upande huo na ingeweza kuyakuza.

Neno "amekubali" lina uzito wake pia. Lisiandikwe mpaka mkandarasi awe amesaini tarehe. Kama bado anajadiliana na kamati, sentensi iwe: "Kamati imemwomba mkandarasi azikamilishe."

Hatua ya saba: isomwe palepale, siku moja kabla

Mpe hotuba yule atakayeisoma, aende nayo kwenye jengo, asimame mahali kipaza sauti kitakapowekwa na asome kwa sauti. Akifika kila kitu kilichotajwa, akinyooshee kidole. Asichoweza kukinyooshea kidole, wala hakina picha ya ujenzi, kinafutwa.

Jaribio hili pia hufichua maneno ya pande. Aliyeandika kwa kutazama picha ya mbele anajua mbao za kuandikia ziko kwenye ukuta wa kulia wa kila darasa. Msomaji anasimama akilipa jengo mgongo, na kwake upande huo ni kushoto. Kwa waliokaa wakilitazama jengo ni kulia. Katika hotuba yetu "kushoto" ilibaki mahali pamoja tu, ikihesabiwa kutoka kwa mtoto aliye darasani. Kwingine kote tulitaja alama: kibarazani, nyuma, lilipo tangi. Msomaji alipojaribu, aligundua pia kwamba hema la wageni lingeziba madirisha ya darasa la tatu, likasogezwa hatua chache kabla ya viti kupangwa.